Wahadhiri Watatu, Vita Vimoja

Mwanafunzi wa historia ana madaftari matatu kuhusu Vita vya Maji Maji. Mhadhiri wa kwanza alisema vita viliisha 1906 na waliokufa ni 75,000. Wa pili alitaja 1907 na watu 300,000. Wa tatu alitaja 1907 tu, bila idadi ya vifo.

Kazi huanza kwa jedwali: kila dai kwenye mstari wake, na safu moja kwa kila mhadhiri. Pengo lisihesabiwe kuwa upinzani; mhadhiri wa tatu hakupinga idadi yoyote.

Kisha mwanafunzi aulize kila tarehe inapima nini. Viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea Februari 1906, lakini mapigano ya kuvizia yaliendelea hadi 1907. Hapa tarehe zote mbili zina nafasi, mradi muhtasari ueleze kila moja inahusu nini.

Vifo ni suala jingine. Idadi ya 75,000 ni ya serikali ya Kijerumani. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Hayo ni makadirio yanayopingana kweli, basi yaandikwe yote pamoja na walioyatoa.

Kosa kubwa ni kutafuta wastani. Ukichukua 75,000 na 300,000, unapata 187,500, idadi ambayo hakuna mhadhiri aliyeitaja. Ukiikuta kwenye muhtasari wako, ifute, kisha urudi kwenye jedwali.