Jedwali la Dakika kwa Dakika kwa Siku ya Semina

(Hii ni nakala ya mada iliyowasilishwa mbele ya makatibu wa kamati za misikiti katika kikao cha maandalizi ya semina.)



Himdi zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, nimetakiwa nizungumzie jedwali la siku ya semina. Nianze na jambo moja lililotokea katika semina niliyokuwa mtunza saa wake. Ratiba tuliyoigawa kwa wageni ilikuwa nzuri na imechapwa vizuri, nayo ilisema: "Swala ya Adhuhuri na chakula, saa 6:30 hadi saa 8:00." Siku ilipofika, dada zetu wengi walimkuta imamu ameshatoa salamu. Hawakuwa wazembe. Walikuwa bado katika foleni ya udhu, kwa kuwa upande wao ulikuwa na mabomba manne tu. Mstari ule mmoja wa ratiba ulikuwa umeficha mambo matano: kutoka ukumbini, kutawadha, kuswali, kunawa na kula. Hakuna aliyeyahesabu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni ratiba ya wageni, nayo iwe fupi. Ya pili ni jedwali la kamati, lenye safu nne: saa, jambo litakalotendeka, jina la mhusika, na jambo linalolitangulia ambalo lisipokamilika hili haliwezi kuanza. Safu hii ya nne ndiyo roho ya jedwali, kwani ndiyo inayounganisha basi na mlango, mlango na mada, mada na udhu, na udhu na sinia.

Wengi wetu huandika jedwali kuanzia asubuhi kwenda jioni. Mimi naona tuanze na swala, kisha tuhesabu kwa kurudi nyuma. Mada yaweza kusogezwa, lakini swala ina wakati wake maalumu, kama tunavyofundishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 103. Wala msichukue jedwali la mwaka jana mkabadilisha tarehe tu. Hapa Dar es Salaam, mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka mnamo saa 6:07 mchana, na katikati ya Februari hupinduka mnamo saa 6:37. Hiyo ni tofauti ya nusu saa. Ndugu zetu wa Kigoma nao wasinakili letu, kwani kwao jua hupinduka takriban dakika 39 baada ya hapa.

Tuchukue mfano wa semina ya Februari yenye watu 300, wanaume 200 na wanawake 100. Adhana ni saa 6:40 na iqama saa 6:55. Tukadirie kuwa robo tatu ya watu watahitaji kutawadha. Upande wa wanaume watakuwa 150, wana mabomba 12, na kila mmoja hutumia dakika mbili pamoja na kukunja mikono ya kanzu. Hizo ni dakika 25. Upande wa wanawake watakuwa 75, wana mabomba manne, na kila mmoja, kwa sababu ya mavazi yake, hutumia dakika tatu. Hesabuni wenyewe: ni karibu dakika 56. Wakitoka ukumbini pamoja na wanaume, hawawezi kuidiriki jamaa hata wakifanya haraka namna gani. Tiba yake si kuwahimiza. Tiba ni kuongeza ndoo sita zenye koki, zijazwe kabla ya saa 5:30, ili nafasi ziwe kumi. Hapo muda unashuka hadi dakika 23.

Sasa turudi nyuma. Iqama ni saa 6:55. Tukitoa dakika tano za kupanga safu na dakika 25 za udhu, ukumbi hauna budi kufunguliwa saa 6:25, kabla ya adhana. Nyuma yake tunaweka dakika kumi za akiba, ambazo haziandikwi katika ratiba ya wageni, kwani mzungumzaji akiziona atazitumia. Basi maswali yakome saa 6:15. Mada ya pili ichukue saa 4:45 hadi saa 5:50, na maswali yafuate kwa dakika 25. Kabla yake ni chai, saa 4:15. Mada ya kwanza ianze saa 3:15, na ufunguzi saa 3:00.

Je, saa 3:00 watu watakuwa wameketi? Hapa ndipo panapohusu mapokezi. Meza tatu za kuandikisha, kila mtu sekunde 45, hupitisha watu wanne kwa dakika. Wenyeji 180 wakianza saa 1:45, watakwisha saa 2:30. Mabasi mawili yenye wageni 120 yakifika saa 2:30 kamili, wa mwisho ataingia saa 3:00. Lakini basi la safari ndefu halina ahadi ya dakika. Likichelewa dakika 20, mada ya kwanza itasomwa huku watu wakipita mlangoni. Dawa yake ni kuwaandikisha wageni ndani ya basi. Kiongozi wa msafara achukue orodha na beji tangu wanapoondoka, na wakishuka waingie moja kwa moja. Naye apige simu akiwa amebakiza nusu saa ya safari, na jina la atakayepokea simu hiyo liwe katika jedwali.

Kuhusu chakula, msitoe sinia kabla ya swala. Mtume (s.a.w.) amekataza kuswali chakula kikiwa kimehudhurishwa, na harufu ya pilau nyuma ya safu ni mtihani tusioulazimisha kwa watu. Imamu akitoa salamu saa 7:05, vijana kumi waanze kubeba saa 7:07. Sinia moja kwa watu watano ni sinia 60. Kila kijana akienda na kurudi kwa dakika mbili, zote zitakuwa mahali pake saa 7:19. Wageni wanaomaliza sunna na kunawa saa 7:15 hawatasubiri sana. Mkichagua kupakua sahani moja moja, mpakuaji mmoja hutoa sahani nne kwa dakika. Wapakuaji wawili watahitaji dakika 38, na kikao cha saa 8:00 kitakuwa kimeharibika. Msafiri atakayejumuisha Alasiri apewe nafasi yake msikitini, na mwenyekiti asimhesabu kuwa amechelewa kula.

Lipo jambo dogo lililowahi kutuchelewesha. Simu zinaonyesha 09:00 na jedwali letu linasema saa 3:00. Fundi wa jenereta aliyesomewa "saa tisa" alikuja alasiri. Andikeni kwa saa zetu za Kiswahili na mtaje kila mara asubuhi, mchana au jioni.

Mwisho, usiku wa kuamkia semina, kamati ikubaliane kitakachokatwa iwapo mtachelewa. Mimi hukata salamu za wageni waalikwa kwanza, kisha maswali, ambayo yaweza kuandikwa katika vikaratasi na kujibiwa baada ya chakula. Saa 5:40 mtunza saa amwonyeshe mzungumzaji karatasi yenye namba 10, kisha 5, kisha 1. Sheikh aelezwe utaratibu huo kabla hajapanda jukwaani, na aelezwe na mtu anayemheshimu, maana kijana akimwonyesha karatasi bila ya taarifa itaonekana ni utovu wa adabu. Ikifika saa 5:50 na bado anaendelea, mwenyekiti ndiye atakayesimama, si mtunza saa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.