Kuchagua Kipeuo cha Moja: Kuzidisha Polinomia kwa Mgeuzo wa Haraka wa Moduli Namba Tasa

Mgeuzo wa haraka wa Fourier tunaufahamu, na programu zake ziko tele. Ubaya wake kwa kazi yetu ni kwamba hutumia namba changamano zenye desimali, na kompyuta hukata desimali mahali fulani. Polinomia zikiwa ndefu na koefisienti zikiwa kubwa, jibu lililopaswa kuwa 14 linaweza kurudi likiwa 13.6, nawe hujui ulikadirie wapi. Mwaka 1971 J. M. Pollard alichapisha makala akionyesha kwamba hesabu ile ile inafanyika ndani ya mabaki ya namba tasa, bila desimali hata moja. Leo nitashughulikia hatua moja tu ya njia hiyo, ile ambayo wengi huinakili bila kuihoji: tunaipataje w, yaani kipeuo cha moja?

Kwanza tukumbuke kazi yenyewe. Tukitaka kuzidisha A na B, tunazikokotoa zote mbili kwenye nukta n, tunazidisha majibu nukta kwa nukta, kisha tunarudi kwenye koefisienti. Nukta hizo ni vipeo vya w: 1, w, w², hadi wⁿ⁻¹. Sharti ni kwamba wⁿ iwe 1, na kipeo chochote kabla ya hapo kisiwe 1. Nusu ya pili ya sharti hili ndiyo inayosahaulika. Kasi yote ya mgeuzo, pale n inapokuwa kipeo cha 2, inatokana na kwamba nukta ya i na ile iliyo n/2 mbele yake zinatofautiana kwa alama ya kutoa tu, yaani w kwa kipeo n/2 ni −1. Kwa hiyo jaribio moja linatosha: w kwa kipeo n/2 iwe p−1. Likipita, mzunguko wa w ni n kamili.

Tuchukue p = 17 na n = 4, tuzidishe 3 + 2x kwa 1 + 4x. Kwa mkono jibu ni 3 + 14x + 8x². Twende sasa kwa mgeuzo. Tunaanza na 3, tunaipandisha kwa kipeo (17−1)/4, yaani 4: tunapata 81, ambayo baki lake ni 13. Mraba wa 13 ni 169, baki 16, yaani −1. Basi w = 13 inafaa, na nukta zetu ni 1, 13, 16 na 4.

Polinomia ya kwanza kwenye nukta hizo inatoa 5, 12, 1, 11. Ya pili inatoa 5, 2, 14, 0. Tukizidisha nukta kwa nukta na kuchukua mabaki tunapata 8, 7, 14, 0. Kurudi, tunatumia kinyume cha 13, ambacho ni 4 kwa sababu 52 huacha baki 1, na mwishoni tunazidisha kila jumla kwa kinyume cha n = 4, ambacho ni 13. Koefisienti ya kwanza: 8+7+14+0 ni 29, baki 12, mara 13 ni 156, baki 3. Nyingine zinatoka vivyo hivyo: 14, 8, na ya mwisho 0.

Sasa tuharibu makusudi. Tuseme mtu amechagua w = 16, akaridhika kwa kuwa 16⁴ huacha baki 1. Ni kweli, lakini 16² pia huacha 1. Nukta zake zinakuwa 1, 16, 1, 16, na jibu linarudi 11, 14, 11, 14. Tazama vizuri: 11 ni 3 + 8. Koefisienti zimekunjwa zikaangukiana, kisha zikaandikwa mara mbili. Programu haikusimama wala kulalamika. Ukiona jibu linajirudia kwa vipande vinavyolingana, usianze kukagua vitanzi vya programu, kagua w.

Katika kazi halisi namba tasa inayotumika sana ni 998244353, ambayo ni 119·2²³ + 1. Kwa kuwa p−1 inagawanyika kwa 2²³, tunaweza kutumia n yoyote iliyo kipeo cha 2 hadi 8388608. Linganisha na 1000000007, namba tasa wanayoipenda washindani wa programu: ukiondoa 1 unapata mara mbili ya namba witiri, kwa hiyo n haivuki 2, na mgeuzo wa aina hii haufanyiki.

Vitabu husema tutafute kizalishi g, yaani namba ambayo vipeo vyake hupitia mabaki yote yasiyo sifuri, kisha w iwe g kwa kipeo (p−1)/n. Kwa maoni yangu hilo ni zaidi ya tunachohitaji. Kuthibitisha kizalishi cha 998244353 kunadai tujue vigawo tasa vyote vya p−1, yaani 2, 7 na 17. Sisi tunajali 2 peke yake. Inatosha kupata namba a isiyo mraba wa baki lolote, yaani ambayo a kwa kipeo (p−1)/2 ni −1. Weka w kuwa a kwa kipeo (p−1)/n, halafu pandisha w kwa n/2: unarudi pale pale kwenye −1. Nusu ya mabaki yasiyo sifuri yana sifa hiyo, kwa hiyo utafutaji hauchukui muda.

```python
def kipeuo(p, n):   # n ni kipeo cha 2, n >= 2
    assert (p - 1) % n == 0
    a = 2
    while pow(a, (p - 1)//2, p) != p - 1:
        a += 1
    return pow(a, (p - 1)//n, p)
```

Namba 2 yenyewe haitafaa kamwe ikiwa p−1 inagawanyika kwa 8, kwa sababu hapo 2 ni mraba daima. Kwa 3 kuna njia ya mkato inayotokana na sheria ya Gauss: p ikiacha baki 1 kwa 4, basi 3 si mraba pale tu p inapoacha baki 2 kwa 3. Jumlisha tarakimu za 998244353: ni 47, baki 2. Basi 3 inafaa, na hatukuhitaji kompyuta. Lakini chukua 97, ambayo ni 3·2⁵ + 1. Inaacha baki 1 kwa 3, kwa hiyo 3 ni mraba na haifai hapo. Inayofaa ni 5. Ndiyo maana kubadili namba tasa huku 3 ikiachwa ilivyo katika programu ni hatari.

Hata w ikiwa sahihi, jibu ni kamili ikiwa tu kila koefisienti yake ni ndogo kuliko p, na n inazidi digrii ya jibu. Polinomia mbili zenye koefisienti 1000 kila moja, zisizo hasi na zisizozidi 999, hutoa koefisienti isiyopita 998001000. Imepenya kwa tundu la sindano: zikiwa 1001, kikomo ni 998999001, na namba tasa yetu imeshapitwa. Njia rahisi ya kugundua kosa ni kuweka x = 1. Jumla ya koefisienti za jibu lazima ilingane na jumla ya A mara jumla ya B, kwa namba kamili bila mabaki. Hapo juu, 5 mara 5 ni 25, na 3+14+8 ni 25. Jibu lililokunjwa lilitoa 50. Na koefisienti zisizo hasi zikivuka p, jumla itapungua kwa zidisho kamili la p. Hapo fanya hesabu mara ya pili kwa 469762049, ambayo ni 7·2²⁶ + 1, kisha unganisha mabaki mawili kwa kanuni ya Wachina ya mabaki. Tarakimu zake nazo zinajumlika kuwa 47, kwa hiyo 3 inafaa tena.