Kabati Lisilofungika

Juma lililopita jirani yangu mmoja alinionyesha katika simu yake picha ya kabati ambalo mlango wake haufungiki kwa wingi wa nguo, akanilalamikia kwamba hana la kuvaa. Nami nikamwomba atandike mkeka karibu na dirisha, mchana, kwa kuwa taa ya usiku hughilibu rangi, azitoe nguo zote na kuzipiga picha moja moja, maana picha ya kabati huonyesha wingi tu, bali ya nguo moja moja hutoa ushahidi.

Ushahidi ulikuwa huu: vitenge 14, kila kimoja na blauzi yake ya kitambaa kile kile, na blauzi 3, kila moja ya rangi moja, zilizozikwa chini. Vingi vilikuwa sare za harusi, za matanga, na za sikukuu ya wanawake ya tarehe 8 Machi, ambayo kila mwaka huja na kitambaa chake. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya malalamiko yake, kwani blauzi ya sare aghalabu haipatani na kitenge kingine, hata vipande 28 vikatoa mavazi 14 tu.

Basi tukachagua vitenge 4 ambavyo nakshi zake zina nyeusi, nyeupe na buluu, rangi za zile blauzi 3. Na kwa kuwa kila blauzi yapatana na kila kitenge, vipande 7 vikazaa mavazi 12. Lakini hesabu hii yataka insafu: jozi inayochukiza macho pichani ifutwe, isihesabiwe kwa matumaini.

Kuhusu kutoa nguo zilizozidi, tulitenganisha vitenge na blauzi. Kitenge kisichokatwa humfaa yeyote, huvaliwa, hutumika kubebea mtoto na kujifunikia usiku. Kwa hiyo vitenge 9, baada ya kufuliwa na kuanikwa juani hata harufu ya koga ikaondoka, vilifungwa robota kwa ajili ya watu waliokimbia vita na kupata hifadhi upande wa Kabambare. Blauzi, zilizokatwa kwa kipimo cha mwili wake, hazikusafirishwa: walipewa jamaa wa karibu, wazijaribu kwanza, na fundi azipanue zile zenye akiba ya kitambaa kwenye mshono. Zilizochanika zikawa matambara ya nyumbani, kwani tambara si sadaka.

Ikabaki jozi moja, sare ya matanga ya mamaye, isiyopatana na chochote. Nilipoinyoshea kidole, aliikunja taratibu akairudisha kabatini, kisha akaufunga mlango. Nami sikusema neno, maana hiyo haikuwa katika hesabu yetu tangu mwanzo.