Ondoa Akaunti Yako Kwenye Simu ya Zamani

Msikilizaji, umenunua simu mpya, ile ya zamani umempa mdogo wako. Wiki moja baadaye picha zako zinapotea. Mdogo wako alizifuta kwenye Google Photos ili apate nafasi, na kwa kuwa akaunti yako ilikuwa bado imo humo, zikafutika na kwako. Zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kwa hiyo zirejeshe mapema.

Kisha itenganishe simu ile na akaunti yako. Kwenye simu mpya fungua mipangilio, gusa Google, ingia kwenye usimamizi wa akaunti, halafu sehemu ya usalama. Tafuta orodha ya vifaa vyako, chagua simu ya zamani, kisha uiondoe kwenye akaunti. Jina lake likitokea mara mbili, ondoa yote mawili. Kuanzia hapo barua pepe na picha mpya hazitaingia tena kule.

Ukiona kifaa usichokijua, badilisha nenosiri. Hatua hiyo hukutoa karibu kila mahali, isipokuwa vifaa unavyovitumia kuthibitisha kuwa ni wewe na baadhi ya programu ulizoziruhusu. Programu hizo uziondolee ruhusa moja moja.

Lakini kumbuka: picha zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu ile hubaki humo. Ukiwa bado nayo mkononi, toa akaunti kwanza, ndipo uifute yote kabla ya kumpa mtu.