“Zinaisha” ya njiani na “zimekwisha” ya tangazo

Hapa Mugunga mtu wa kugawa anaita: “Jetoni zinaisha! Bale biko nazo bakuye kesho kukamata franga.” Shiye bote tunasikia. Lakini ukigeuza tu “ba” kuwa “wa” na kubandika ukutani, maana inapotea.

Kwetu “zinaisha” ni jambo lililokwisha. Katika Kiswahili sanifu ni jambo linaloendelea, na mama atapanga mstari akidhani zingali zipo. Tuandike “zimekwisha”. “Kukamata” kwa sanifu ni kama kumshika mwizi, tuandike “kupokea”. “Franga” kwetu ni pesa yoyote, ila “faranga” si dola. Tuandike “fedha” na kutaja ni zipi. “Kesho” iwe tarehe, maana karatasi inabaki ukutani siku nyingi.

Basi: “Jetoni zimekwisha. Wenye jetoni waje Jumanne, tarehe 14, kupokea fedha kwa dola.”

Kabla ya kubandika, tumsomee mama mmoja, tumuulize: “Jetoni ziko bado?” Akijibu “ziko”, tangazo lirudi mezani.