Alama 45 ya Kidato cha Nne Si Alama 45 ya Kidato cha Sita: Hotuba ya Mfadhili kwa Wanafunzi 12

Wanafunzi 12 wa kata hii waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule za bweni za Serikali wamekabidhiwa hati zao za ufadhili katika ukumbi wa Halmashauri, mbele ya wazazi wao, Mheshimiwa Diwani na Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya. Mfadhili wao ni muuguzi mstaafu ambaye sasa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Aliomba jina lake lisichapishwe, kwa kuwa hapendi watoto waitwe “watoto wa fulani” wakati wazazi wao wapo hai. Hotuba yake haikufanana sana na zile zilizozoeleka katika hafla za namna hii, na kwa sababu hiyo inaelezwa hapa kwa kirefu.

Baada ya kuwasalimu wageni alianza na fedha, akitaka lisibaki jambo lolote la kubahatisha. Aliwakumbusha wazazi kuwa ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, hivyo yeye hamlipii mtoto yeyote ada. Anachogharimia ni yale yaliyoandikwa katika fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule: godoro, shuka, sare, viatu, madaftari na vitabu vya masomo ya tahasusi, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka. Vifaa vitanunuliwa katika duka moja ambalo amekwisha kukubaliana nalo, na mzazi atatia saini anapovipokea. Hakuna fedha taslimu itakayopita mkononi mwa mtu.

“Wazazi wenzangu, nawaomba msije nyumbani kwangu kuomba fedha ya matumizi wala ya masomo ya ziada wakati wa likizo,” alisema. “Sina. Nikimpa mmoja nitakuwa nimemnyima mwingine nauli ya kurudi shuleni. Sabuni na dawa ya meno ya mtoto wako ni juu yako, na najua unaweza.”

Baadhi ya wazazi waliguna. Aliwaacha wamalize kuguna, kisha akawageukia wanafunzi.

Aliwaambia kwamba wengi wao wamefika hapo wakiwa na alama C katika masomo watakayoyasoma, na kwamba C hiyo ni halali yao. Hata hivyo aliwataka waijue vema. Katika mtihani wa kidato cha nne, mwanafunzi anapata C akiwa na alama kuanzia 45 hadi 64. Katika mtihani wa kidato cha sita, C inaanzia 60. Mwenye 45 pale hupata E. Mwenye 75, aliyekuwa na A katika kidato cha nne, hupata B. Na yule aliyezoea kuvuka kwa 30 na kuhesabiwa D, kidato cha sita atahesabiwa F, kwa kuwa huko chini ya 35 hakuna kitu.

“Kwa hiyo, wanangu, ukibaki pale pale ulipo leo, usipande wala usishuke, karatasi yako itaonyesha kwamba umeanguka. Na hamtabaki pale pale, maana masomo yenyewe ni mapana zaidi na muda ni mfupi. Mnaripoti Julai. Mtihani wa mwisho ni Mei ya mwaka wa pili yake. Watu husema miaka miwili. Mimi nimehesabu, ni kama miezi ishirini na miwili, na likizo zimo humo humo.”

Hapo ndipo alipotoa mfano ambao ukumbi mzima ulinyamaza kuusikiliza. Alimzungumzia binti mmoja kati ya wale wa mwanzo aliowafadhili, ambaye alikubali habari zake zisimuliwe bila jina. Binti huyo alikuwa na B ya Biolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia, akachaguliwa tahasusi ya PCB, naye alikuwa na nia moja tu ya kuwa daktari. Mwezi Desemba, baada ya muhula wake wa kwanza, alirudi nyumbani na ripoti yenye 47 ya Biolojia, 41 ya Kemia na 28 ya Fizikia. Kwa viwango vya kidato cha sita hizo ni E, E na F.

Binti aliificha ripoti hiyo. Alimwomba mama yake aseme kuwa shule haijatoa matokeo, kwa kuogopa kwamba mfadhili akiiona atakata nauli ya Januari. Mama alikubali kusema hivyo, na likizo yote ikapita. Ukweli ulijulikana siku binti alipokuja kuchukua nauli, ripoti ikaanguka kutoka ndani ya daftari.

“Nilisikitika, lakini si kwa sababu ya ile 28,” alisema mfadhili. “Nilisikitika kwa sababu ya wiki nne zilizopotea. Angeniletea ripoti siku ile ile, ningemtafutia mwalimu wa Fizikia hapa hapa wilayani akae naye likizo nzima. Alikuwa na ugonjwa, akamficha muuguzi.”

Kilichofuata, kwa maelezo yake, hakikuwa muujiza. Shuleni mwalimu wa Fizikia alikaa na binti, akapitia karatasi yake ya mtihani swali kwa swali. Iligundulika kuwa nadharia aliijua, ila alikwama kila swali lilipohitaji hesabu. Alikuwa amekariri kanuni bila kujua namna ya kuigeuza ili apate kile kinachotafutwa. Tangu hapo akawa anakokotoa maswali machache ya mitihani iliyopita kila jioni na kumpelekea mwalimu ayasahihishe, hata yale aliyoshindwa kuyamaliza. Katika Kemia tatizo lilikuwa jingine: alikuwa akikosa alama za vitendo kwa kutoandika vipimo katika jedwali kama inavyotakiwa, kosa ambalo lilirekebishwa ndani ya mwezi mmoja.

Mwishoni alipata C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia. Mfadhili aliwahesabia wanafunzi pointi hizo kwa sauti: C ni 3, D ni 4, E ni 5, jumla 12, nalo ni daraja la pili. Ukumbi ulipiga makofi. Aliinua mkono kuyazuia.

“Msipige makofi bado. Udaktari hakuupata. Kwa udaktari wa binadamu alihitaji angalau D ya Fizikia, naye ana E. Alilia siku mbili, nami sikumwambia anyamaze. Leo yupo chuo kikuu mwaka wa pili, anasomea ualimu wa Biolojia na Kemia. Anaendelea vizuri. Sikuja hapa kuwaambia kwamba kila mtu atapata alichokitaka. Nimekuja kuwaambia kwamba 28 ya Desemba inaweza kuwa E ya Mei, na kwamba kama ingefanyiwa kazi mapema, pengine ingekuwa D.”

Kutokana na mkasa huo ameweka sharti moja katika hati ya ufadhili, nalo ni jepesi kuliko wengi walivyotarajia. Hakuna alama ambayo mwanafunzi akiishuka atafukuzwa katika ufadhili. Anachotakiwa ni kuleta ripoti ya kila muhula ndani ya siku saba baada ya kufika nyumbani, iwe nzuri au mbaya. Atakayeileta ikiwa na F tatu ataendelea kulipiwa nauli, na atatafutiwa mwalimu. Atakayeificha atasimamishwa kwa muhula mmoja, na mzazi wake atalazimika kujitafutia nauli hiyo.

Sehemu ya mwisho ya hotuba ilihusu yatakayofuata baada ya kidato cha sita. Mfadhili alieleza bila kuzunguka kwamba hatalipa ada ya chuo kikuu ya mtu yeyote. Njia iliyopo ni kuomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na alisisitiza neno mkopo, kwa kuwa amewahi kusikia vijana wakiita fedha hizo “boom” kana kwamba zimedondoka kutoka mbinguni. Mhitimu anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa kila mwezi hadi deni liishe. Tena si kila anayeomba hupata kiasi chote. Wengine hupewa sehemu tu, na familia hubaki na pengo la kuziba.

Aliwashauri wazazi waanze maandalizi sasa, kwa sababu mara nyingi maombi ya mkopo hufunguliwa wakati vijana wakiwa katika makambi ya JKT na hawawezi kuzunguka ofisini. Cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuhakikiwa na RITA, na mwenye mzazi aliyefariki atahitaji pia cheti cha kifo kilichohakikiwa. Kinachowakwamisha wengi ni majina. Mtoto ameandikwa kwa jina la babu katika cheti cha kuzaliwa, na kwa jina la ukoo katika cheti cha kidato cha nne, na hapo maombi husimama. Fomu ya mkopo huhitaji pia saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, ambaye ni vema amfahamu mwombaji kabla ya siku ya mwisho.

Aliwaomba vilevile waitunze hati waliyokabidhiwa siku hiyo. Mwombaji wa mkopo aliyesomeshwa na mfadhili hutakiwa kuleta uthibitisho wa ufadhili huo, ili asihesabiwe kuwa anatoka katika familia yenye uwezo. “Karatasi hii si pambo la ukutani,” alisema. “Itieni katika mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti.”

Mzazi mmoja alipopewa nafasi ya kuuliza alisimama na kuuliza swali ambalo pengine wengi walikuwa nalo: je, mashine ikiharibika, au mpunga ukikosekana, watoto hawa watarudishwa nyumbani katikati ya masomo?

Mfadhili alijibu kuwa fedha za wanafunzi hao 12, hadi mtihani wa mwisho, zimekwisha kutengwa katika akaunti ya peke yake ambayo haitumiki kwa biashara. Kwa sababu hiyo wamekuwa 12 na si 20, ingawa maombi yaliyopokelewa yalikuwa mengi zaidi. Kuhusu watakaochaguliwa mwakani hakuahidi idadi. Alisema ataijua baada ya mavuno, na tangazo litabandikwa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, liwe la wanafunzi wengi, wachache au la kutokuwapo kabisa.

Baada ya jibu hilo wanafunzi waliitwa mmoja mmoja kupokea hati. Kila mmoja, kabla ya kukabidhiwa, alitakiwa kusoma jina lake kwa sauti na kuthibitisha kwamba limeandikwa kama lilivyo katika cheti chake cha kidato cha nne. Hati mbili zilikutwa na kasoro ya herufi, zikarudishwa kuchapwa upya siku hiyo hiyo.