Vipimo Safi, Mwili Unauma

Ugonjwa wa dalili za mwili ni hali ya mtu anayeumwa kweli, ila mateso yake yamezidi kitu chochote ambacho daktari anaweza kukionyesha kwenye picha au kwenye damu. Kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, mgongo haunyooki. Zamani madaktari waliutambua kwa kuondoa: wanapima hiki, wanapima kile, vikitoka safi vyote, linabaki jina hilo. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilitoa toleo la 5 la mwongozo wake na kuachana na njia hiyo. Sasa kinachotazamwa ni jinsi mtu anavyoishi na dalili yake: hofu ya afya isiyotulia, mawazo yanayorudi palepale, muda na nguvu nyingi kuishia kwenye kusaka tiba, na hali iwe imedumu, kwa kawaida zaidi ya miezi 6. Hata mwenye kisukari au presha anaweza kuwa nao. Majibu safi ya maabara, peke yake, hayathibitishi chochote.

Kwa mkazi wa Ilala jambo hili si la vitabuni, kwa sababu Kariakoo na mitaa yake mtu hakosi mahali pa kupimwa. Inafaa kumfuata mgonjwa mmoja wa mfano, aliyetungwa kutokana na yale ambayo madaktari huyakuta kila wiki. Ni mama wa miaka 41, muuza viungo. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, mzigo wake uliteketea, nao ulikuwa umenunuliwa kwa mkopo wa kikundi. Miezi miwili baadaye moyo ukaanza kumwenda mbio usiku, mikono ikafa ganzi, kichwa kikawa kizito kama amebeba gunia.

Zahanati ya kwanza ikampima damu na kumwambia ana taifodi. Kipimo kinachotumika sana, cha Widal, husoma kingamwili, na kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki tangu maambukizi ya zamani; ndiyo maana watu wengi mjini wana taifodi isiyokwisha. Akamaliza dozi, akapumua siku tatu, moyo ukarudi. Zahanati ya pili ikasema ni UTI. Ya tatu ikampima umeme wa moyo, ukatoka sawa. Ya nne ikampiga ultrasaundi na kuona kijifuko kidogo cha maji kwenye figo, cha aina ambayo watu wengi wanayo bila madhara. Hakuna aliyemweleza hivyo. Siku hiyo alitoka na dalili zilezile na figo juu yake. Nyumbani shangazi yake alikuwa ameshaamua kwamba ni jini, na mganga wa jadi naye akalipwa.

Safari ya namna hiyo huongeza ugonjwa. Kila jina jipya linamthibitishia kwamba kuna kitu ndani kimefichika, na kila jibu safi linampa utulivu wa siku chache, kisha shaka kwamba mashine haikuona. Na yule anayemwambia “huna ugonjwa, ni mawazo tu” anamfukuza bila kujua, maana mgonjwa anausikia moyo wake kwa masikio yake mwenyewe.

Husemwa kwamba Waafrika huongea kwa mwili kwa kukosa maneno ya huzuni. Madai hayo ni dhaifu. Kiswahili kina sonona, kina jitimai, kina msongo wa mawazo, kina roho kusononeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofanywa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 14, uliwatazama watu 1,146 wenye sonona waliokwenda kliniki za kawaida. Asilimia 69 walitaja dalili za mwili pekee. Tofauti kubwa ilitokana na kliniki yenyewe: pale ambapo mgonjwa hakuwa na daktari anayemjua, walioleta mwili tu walikuwa wengi zaidi. Jambo hilo halishangazi kwa anayejua foleni ya dirisha la mapokezi. Pale mtu huulizwa anaumwa wapi. Hakuna anayemuuliza mkopo umefikia wapi.

Kwa waganga wa jadi mambo ni tofauti kidogo, kwani huko mgonjwa huulizwa habari za nyumbani. Utafiti wa Dar es Salaam uliotoka mwaka 2003 ulikuta matatizo ya sonona na wasiwasi kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga, na asilimia 24 ya waliokwenda zahanati na vituo vya afya. Utafiti huo haukupima ugonjwa wa dalili za mwili wenyewe, lakini sonona na wasiwasi huandamana nao mara nyingi.

Tiba yenye ushahidi inaanza na kitu kidogo: daktari mmoja. Mwaka 1986, huko Arkansas, Marekani, Richard Smith na wenzake walionyesha kwamba ushauri wa daktari wa akili, uliopelekwa kwa barua kwa daktari wa kawaida wa mgonjwa, ulipunguza gharama za matibabu kwa takriban nusu. Barua ilisema mgonjwa apangiwe tarehe kila wiki 4 hadi 6, awe anaumwa au haumwi. Kila akija apimwe kwa mikono. Vipimo vikubwa, kulazwa na upasuaji viepukwe mpaka kuwe na sababu inayoonekana. Na asiambiwe kwamba yote yako kichwani. Siri iko kwenye tarehe. Mgonjwa aliye na tarehe halazimiki kuumwa ndipo aonwe.

Mama wa viungo akimpata daktari wa namna hiyo, mazungumzo huchukua sura nyingine. Daktari anamsikiliza moyo taratibu, kisha anamwambia akunje ngumi kwa nguvu na asiifungue. Baada ya dakika mbili mkono unauma na kutetemeka. “Mama, mkono wako ni mzima, umeuona?” anamuuliza. “Lakini unauma kweli. Shingo na mabega yako yamekunjwa hivi tangu soko liungue.” Ganzi ya vidole nayo ina maelezo: mtu mwenye hofu huvuta pumzi za haraka, hewa ya ukaa katika damu hupungua, na mishipa ya fahamu huanza kuchezacheza. Hayo humfaa kuliko kusikia kwamba hana kitu.

Zaidi ya hapo kuna tiba ya mazungumzo, inayomfundisha kupunguza kujipima mapigo kila saa na kurudia kazi alizoziacha. Kuna pia dawa, kama amitriptilini ya dozi ndogo kwa maumivu na usingizi, au dawa za sonona pale sonona inapoonekana wazi. Nafuu huja polepole, na si wote wanaopona kabisa.

Kosa la upande wa pili lipo na ni la hatari. Mgonjwa akishapewa jina hili, daktari mvivu huacha kumgusa. Kupungua uzito, homa, damu kwenye choo, mguu kuishiwa nguvu au maumivu ya kifua yanayokuja akipanda ngazi ni dalili zinazodai uchunguzi bila kuchelewa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hukimbiza moyo sawasawa na hofu, na upungufu wa damu pia. Kwa hiyo vyote viwili vilipaswa kupimwa kwa mama huyu tangu mwanzo, mara moja, kabla ya Widal ya kwanza.

Baada ya miezi 8 ya tarehe zisizokatika, moyo wake bado unakwenda mbio usiku wa kuamkia siku ya marejesho. Anakaa kitandani, anapumua taratibu, unatulia. Karatasi ya ultrasaundi ameiacha kwenye faili la daktari.